Kifurushi cha kati kama chambo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu majedwali ya bei na kuyapima kwa data ya oda

Kazi yangu ni kuchambua data ya mauzo kwa kampuni ndogo zinazouza huduma kwa malipo ya mwezi. Maswali haya huulizwa na wenye biashara, na zaidi na vijana waliopewa kazi ya "kuboresha ukurasa wa bei" bila kuambiwa watajuaje kama wameuboresha kweli. Mfano mmoja utatumika tangu mwanzo hadi mwisho: programu ya kutunza hesabu za duka, inayolipiwa kwa shilingi za Tanzania. Namba za mfano huo nimezitunga kwa ajili ya kujifunzia. Matokeo ya utafiti nitakayoyataja ni ya kweli.

## Chambo kwenye jedwali la bei ni nini hasa?

Ni kifurushi kilichowekwa ili kifurushi cha jirani yake kionekane bora, chenyewe kikiwa hakitegemewi kuuzwa.

Tuseme mwanzoni tulikuwa na vifurushi viwili. Msingi ni sh 20,000 kwa mwezi, duka moja na mtumiaji mmoja. Kamili ni sh 50,000, maduka matano na watumiaji kumi. Mwenye duka anayesoma jedwali hili ana kazi ngumu, kwa sababu lazima ajiulize kama hayo maduka manne ya ziada yana thamani ya sh 30,000 kwake. Sasa tunaweka Kati hapo katikati: sh 48,000, maduka mawili na watumiaji watatu. Kumlinganisha Kati na Msingi bado ni kazi. Kumlinganisha Kati na Kamili si kazi hata kidogo, kwa kuwa sh 2,000 tu za juu zinakupa maduka matatu zaidi na watumiaji saba zaidi. Jicho linapata swali moja jepesi katika jedwali zima, linalijibu, na jibu ni Kamili.

Kwa maana kali, chambo huzidiwa pande zote na kifurushi kinachokusudiwa, yaani bei yake ni sawa au juu zaidi huku ukipata kidogo. Huyu Kati wetu ni nafuu kwa sh 2,000, kwa hiyo hajazidiwa kabisa, na watu wachache watamnunua kwa sababu zao za haki. Jambo la kushika ni kwamba Kati anazidiwa waziwazi na Kamili lakini hazidiwi na Msingi. Kutokuwa sawa huko ndiko kunakosogeza watu upande mmoja.

## Wazo hili lilianzia wapi?

Mwaka 1982 watafiti watatu wa Marekani, Joel Huber, John Payne na Christopher Puto, walichapisha majaribio ambamo watu walichagua baina ya vitu viwili, kisha kitu cha tatu kilichozidiwa na kimojawapo kikaongezwa. Kile kilichokizidi kitu cha tatu kilipata wateuzi wengi zaidi kuliko mwanzo.

Ukilitazama haraka utaona ni jambo dogo, lakini lilikwenda kinyume na kanuni iliyokuwa imebeba nadharia nyingi za uchaguzi. Kanuni hiyo inasema hivi: kama watu 20 kati ya 100 wangechukua Kamili pakiwa na vifurushi viwili, ukiongeza cha tatu hao 20 wanaweza kubaki au kupungua, maana cha tatu kinaweza kuwanyakua baadhi yao. Hawawezi kuongezeka. Kuongeza chaguo hakumpi mtu sababu mpya ya kupenda kitu kilichokuwepo tangu jana.

Naomba uishike kanuni hiyo, kwa sababu kipimo chote kinachofuata kimejengwa juu yake. Tunachotafuta kwenye data ni idadi ya wanunuzi wa Kamili, kati ya watu wote walioona jedwali, ikipanda baada ya Kati kuongezwa.

## Ule mfano maarufu wa jarida la The Economist unathibitisha nini?

Dan Ariely, mwanauchumi wa tabia, aliwaonyesha wanafunzi 100 wa chuo cha MIT cha Marekani aina tatu za usajili wa jarida hilo: mtandaoni pekee kwa dola 59, nakala ya karatasi pekee kwa dola 125, na vyote viwili kwa dola 125 hiyohiyo. Wanafunzi 16 walichagua mtandaoni, 84 walichagua vyote viwili, na hakuna aliyechagua karatasi pekee. Alipoiondoa karatasi pekee, ambayo hakuna aliyeitaka, 68 walichagua mtandaoni na 32 tu wakachagua vyote viwili.

Ni mfano mzuri wa kueleza wazo, na ndiyo maana kila mtu anaurudia. Kama ushahidi kwa biashara yako una mapengo mawili. Kwanza, hakuna aliyelipa. Pili, na hili ndilo linalonigusa zaidi, haukuwepo mlango wa kutoka: kila mwanafunzi alichagua kimojawapo, hivyo jumla ilikuwa 100 kila mara. Kwenye ukurasa wako wa bei, wengi wa wanaofika huondoka bila kununua kitu. Jedwali linaweza kumsogeza mtu kutoka Msingi kwenda Kamili, na linaweza pia kumsogeza kutoka Msingi kwenda nje. Ukiwahesabu walionunua peke yao, hutaona tofauti ya mambo hayo mawili.

Kuna pia sababu ya kutochukulia kwamba chambo kitafanya kazi popote. Mwaka 2014 Shane Frederick, Leonard Lee na Ernest Baskin walionyesha kwamba athari hii hujitokeza sifa za vitu zinapoandikwa kwa namba, na hufifia au kutoweka vitu vinapoonyeshwa kwa picha au mtu anapovionja mwenyewe. Jedwali la vifurushi kwa kawaida ni namba tupu, kwa hiyo chambo kina nafasi pale. Ila nafasi si uthibitisho.

## Je, kila kifurushi cha kati ni chambo?

Hapana, na kuchanganya huku kunaharibu mijadala mingi. Kuna kifurushi cha kati ambacho watu wanakipenda kwa sababu kiko katikati. Mwaka 1992 Itamar Simonson na Amos Tversky waliwapa watu kamera mbili, moja ya takriban dola 170 na nyingine dola 240, wakagawanyika nusu kwa nusu. Ilipoongezwa ya tatu ya dola 470, asilimia 57 walichukua ile ya dola 240, ambayo sasa ilikuwa katikati, na ile ya bei ya chini ikabaki na asilimia 22. Watu walikwepa ncha zote mbili.

Hizo ni nguvu mbili tofauti, na data ya oda inazitofautisha kwa urahisi. Angalia ni nani ananunua Kati. Akipata wanunuzi wachache sana na ongezeko likaenda kwa Kamili, unaelekea kwenye chambo. Yeye mwenyewe akiwa ndiye anayeuzwa zaidi, una kifurushi cha kati cha kweli, na swali lako linabadilika kuwa kama bei ya Kamili ndiyo inayompa Kati sura ya wastani.

## Tuliongeza Kati, na asilimia ya oda za Kamili ikapanda. Huo si ushahidi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu ni hapana. Nitalieleza polepole kwa sababu hapa ndipo fedha hupotea.

Tuchukulie mwezi wa kwanza, bila Kati, watu 10,000 waliona jedwali. Oda 300 zilikuwa za Msingi na 150 za Kamili. Kamili ni theluthi moja ya oda, asilimia 33. Mwezi wa pili, Kati akiwepo, watu 10,000 waliona jedwali. Oda 190 za Msingi, 10 za Kati, 150 za Kamili. Sasa Kamili ni asilimia 43 ya oda. Kwenye ripoti ya mwezi hiyo inaonekana kama ushindi, pointi kumi zimeongezeka.

Sasa tazama idadi yenyewe. Wanunuzi wa Kamili walikuwa 150 na bado ni 150. Hakuna hata mtu mmoja aliyesogezwa juu. Kilichotokea ni kwamba watu mia moja waliokuwa wakinunua Msingi hawakununua kitu. Pengine jedwali la safu tatu liliwachosha, pengine walihisi Msingi sasa ni kifurushi cha masikini, pengine ni mwezi wa ada za shule. Asilimia ilipanda kwa sababu namba ya chini, ile unayogawia, ilishuka kutoka 450 hadi 350.

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha kampuni moja ambayo ilikuwa imeshasherehekea pointi kama hizo kwa miezi mitatu. Walikuwa wakitazama mgawo wa oda peke yake. Tulipoitafuta idadi ya waliofungua ukurasa wa bei na kuiweka chini ya kila namba, mistari miwili kwenye grafu ilishuka na mmoja ukabaki tambarare. Bosi aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo hao wa Msingi walienda wapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu mfumo wao uliwaandika wale tu waliolipa.

Kwa hiyo kila kipimo cha chambo kigawanye kwa watu walioona jedwali. Mgawo wa oda unaweza kuutazama baadaye, kama nyongeza.

## Ni data gani ninayohitaji kabla ya kuanza?

Mistari miwili ya kumbukumbu. Wa kwanza huandikwa mtu anapoliona jedwali kwa mara ya kwanza: nani, saa ngapi, na jedwali gani aliloliona. Wa pili ni oda yake ya kwanza: nani, saa ngapi, kifurushi gani, na bei iliyokuwa imeonyeshwa wakati huo. Hiyo bei inakiliwe ndani ya oda yenyewe. Ukiitegemea bei iliyoko sasa kwenye orodha ya vifurushi, siku mtakapobadilisha bei historia yote itajiandika upya.

Neno "ya kwanza" hapo lina uzito. Mtu anayelipia mwezi wake wa sita hachagui chochote, anaendelea tu. Ukiziingiza oda za kuendelea, vifurushi vya zamani vitatawala hesabu na jaribio lako halitaonekana kabisa.

Halafu kuna oda zisizopitia jedwali. Kwetu huku wateja wengi huandika WhatsApp, "Habari, nataka ile ya elfu ishirini," na mhudumu anawafungulia akaunti. Au fundi mmoja anawanunulia wateja wake kumi kwa mkupuo. Oda hizo ni halali na pesa ni pesa, lakini hazikuongozwa na safu tatu za jedwali. Ziwekee alama na uzitoe kwenye hesabu hii. Na amua mapema unahesabu oda iliyotumwa au iliyolipwa. Kwenye malipo ya simu, mtu anaweza kubonyeza, ombi la namba ya siri likamfikia, na asiliweke. Mimi huhesabu kifurushi alichobonyeza kama uchaguzi, na malipo yaliyokamilika kama mapato, na kuziweka namba hizo mbili kando kwa kando.

Ukishakuwa nayo, hesabu ya msingi ni fupi:

```sql
SELECT j.kundi,
       COUNT(DISTINCT j.mteja_id) AS walioona,
       COUNT(DISTINCT CASE WHEN o.kifurushi = 'kamili'
                           THEN o.mteja_id END) AS kamili
FROM jedwali_lililoonwa j
LEFT JOIN oda_ya_kwanza o
  ON o.mteja_id = j.mteja_id
 AND o.saa_ya_oda >= j.saa_ya_kuona
 AND o.saa_ya_oda <  j.saa_ya_kuona + INTERVAL '7 days'
GROUP BY j.kundi;
```

`LEFT JOIN` ndiyo inayobaki na watu wasionunua. Ukiandika `JOIN` pekee, umerudi kwenye kosa la kikao kile. Siku saba zipo ili kila mtu apewe muda uleule wa kuamua, awe aliingia siku ya kwanza ya jaribio au ya mwisho, kwa hiyo subiri wiki moja baada ya kufunga ndipo uhesabu.

## Niwagawe vipi watu, na nihitaji wangapi?

Wagawe kwa bahati nasibu, nusu waone jedwali la vifurushi viwili na nusu la vitatu, katika siku zilezile. Mgawo uwe wa mtu, usiwe wa kila anapofungua ukurasa. Mtu aliyeona safu tatu asubuhi na mbili jioni ameshaliona chambo, huwezi kumrudisha nyuma.

Kuhusu idadi, kuna kanuni ya haraka inayotosha kwa kupanga. `p` ni kiwango cha wanunuzi wa Kamili kati ya walioona, na `d` ni tofauti ndogo kabisa ambayo ungejali kuiona:

```
n kwa kila kundi = 16 * p * (1 - p) / d^2
```

Tuseme leo Kamili hununuliwa na asilimia 1.5 ya watazamaji, na ungejali kikipanda hadi 2. Weka `p` katikati, 0.0175, na `d` 0.005. Unapata watu 11,000 hivi kwa kila kundi, 22,000 jumla. Ukurasa ukipata wageni wapya 900 kwa siku, hizo ni siku 25, nami ningezifanya 28 ili ziwe wiki nne kamili, maana Jumamosi na Jumatatu hazina wateja wa aina moja.

Ukitaka kuiona tofauti iliyo nusu ya hiyo, idadi inakuwa mara nne. Biashara yenye wageni 50 kwa siku haitaweza, na ni heri ilijue hilo mwanzoni kuliko kuendesha jaribio la wiki mbili na kuamini lolote litakalotokea.

Na usichungulie kila asubuhi ukisubiri namba ipendeze ndipo ufunge. Ukiangalia mara nyingi vya kutosha, bahati itakupa siku moja nzuri.

## Onyesha hesabu moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Baada ya siku 28, kila kundi lina watazamaji 12,600. Kundi A, lililoona vifurushi viwili, lina oda 410 za Msingi na 190 za Kamili. Kundi B, lililoona vitatu, lina oda 330 za Msingi, 12 za Kati na 258 za Kamili.

Kabla ya kufurahia chochote, angalia makundi yenyewe. Hapa ni sawa kwa sawa. Kama lingekuwa moja 12,900 na jingine 12,300, bahati pekee haielezi pengo hilo, na ningetafuta hitilafu kwanza. Mara nyingi ukurasa wa kundi moja unachelewa kufunguka na watu huondoka kabla ya kuandikwa.

Sasa swali kuu. Kamili kimepata asilimia 1.51 ya watazamaji wa A na 2.05 ya wale wa B. Hapa chini `p` ni kiwango cha makundi yote mawili kwa pamoja, `SE` ni kadirio la mtikisiko ambao bahati pekee ingeleta kwenye tofauti yao, na `z` ni tofauti hiyo ikigawanywa kwa mtikisiko huo.

```
p  = (190 + 258) / 25200                  = 0.01778
SE = sqrt(p * (1 - p) * (2 / 12600))      = 0.00166
z  = (258/12600 - 190/12600) / SE         = 3.24
```

`z` ya 3.24 ni kubwa kuliko kizingiti cha 1.96 tunachokitumia kwa kawaida, hivyo bahati tupu ni maelezo dhaifu. Mpaka wa asilimia 95 unasema ongezeko la kweli liko baina ya pointi 0.21 na 0.87. Nakuomba uuripoti huo mpaka mzima. Ukisema "0.54" peke yake, mwenye biashara ataipangia bajeti kana kwamba ni bei ya sukari dukani.

Kisha tazama watu walitoka wapi. Msingi amepoteza 80, Kamili ameongeza 68, Kati amechukua 12, na jumla ya oda ni 600 pande zote mbili. Hakuna dalili ya watu kukimbia. Mapato ya mwezi wa kwanza ni sh 17,700,000 kwa A na sh 20,076,000 kwa B, yaani takriban sh 1,405 dhidi ya 1,593 kwa kila aliyeona jedwali. Hii ndiyo sura ya kifurushi kinachoelekeza uchaguzi: hakinunuliwi, lakini uwepo wake unahamisha wanunuzi.

## Nitajuaje kwamba ni chambo kweli, si safu ya tatu tu iliyobadilisha muonekano?

Swali zuri, na wengi hawalifikii. Ukiongeza safu umebadilisha mambo mengi kwa pamoja. Kamili kimesogea mahali pengine kwenye kioo. Bei za juu sasa ni mbili badala ya moja, kwa hiyo sh 50,000 haionekani tena kama kitu cha ajabu. Ukurasa mzima umekuwa kama wa kampuni kubwa. Lolote kati ya hayo linaweza kuinua Kamili bila chambo chochote.

Dawa yake ni kundi la tatu, lenye chambo kilichogeuzwa. Badala ya Kati anayezidiwa na Kamili, weka kifurushi cha tatu kinachozidiwa na Msingi: kwa mfano sh 19,000, duka moja na mtumiaji mmoja, ila mauzo yasiyozidi hamsini kwa mwezi. Jedwali bado lina safu tatu. Kama athari ni ya chambo, kundi hili litawasogeza watu kuelekea Msingi. Kama Kamili kitapanda hapa vilevile, basi ni safu zenyewe au muonekano, na maelezo ya chambo hayasimami.

Mimi hulipenda jaribio hili kuliko yote kwa sababu nadharia inalazimika kutabiri mwelekeo kabla ya data kufika. Ubaya wake ni kwamba linadai watazamaji wa kundi zima zaidi, na mwenye biashara hapendi kulipia kundi linalowashusha wateja bei. Akikataa, chukua hatua ya bei rahisi: kwa nusu ya kundi B badilisha mpangilio wa safu, Kamili kikae kushoto. Haithibitishi chambo, lakini inaondoa shaka ya mahali.

## Jedwali letu lilibadilishwa mwaka jana bila jaribio. Naweza kupata chochote kwenye data ya zamani?

Kiasi fulani, kwa tahadhari. Kulinganisha kabla na baada kunachanganya Kati na kila kitu kingine kilichobadilika: matangazo, msimu, bei ya washindani, hata aina ya wateja. Tafuta kipande cha biashara ambacho hakikuguswa. Labda Kati aliwekwa kwenye bei za Tanzania lakini si za Kenya. Basi chukua badiliko la Tanzania utoe badiliko la Kenya katika majira yaleyale. Kinachobaki kinaweza kuhusishwa na Kati, ilimradi mistari ya nchi hizo mbili ilikuwa ikienda sambamba miezi kadhaa kabla.

Halafu fanya jambo moja la kujipima: rudia hesabu hiyohiyo ukijifanya Kati aliwekwa tarehe nyingine tano, siku ambazo hakuna kilichobadilika. Kama tarehe hizo za uongo zinakupa "athari" kubwa kama ile ya kweli, data yako ina mawimbi mengi kuliko unachokitafuta, na jibu la haki ni kwamba huwezi kujua kwa njia hii.

Kama huna idadi ya watazamaji kabisa, angalau tazama uwiano wa Kamili kwa Msingi pamoja na idadi ya oda za kila kimoja kwa wiki. Uwiano ukipanda huku oda za Kamili zenyewe hazijapanda, unajua tayari kwamba huna ushahidi.

## Wateja wetu karibu wote wako kwenye simu. Inabadilisha chochote?

Inabadilisha sana. Fungua ukurasa wako kwenye simu ya kawaida sasa hivi. Safu tatu zimegeuka kadi tatu, moja chini ya nyingine, na kwenye kioo inaonekana moja na robo. Mtu anaposoma bei ya Kamili, Kati ameshapanda juu na kutoweka. Chambo kinategemea kuonana ana kwa ana na jirani yake, kwa hiyo pasipo kuonana kuna sababu ndogo ya kutegemea athari.

Gawa matokeo kwa simu na kompyuta, na upange mgawanyo huo kabla ya kuanza, usiwe wa kutafuta kitu cha kusema baada ya matokeo kuwa mabaya. Ukiona tofauti kwenye kompyuta na si kwenye simu, hiyo nayo ni dalili kwamba ulinganishaji ndio unaofanya kazi.

## Faida ya chambo hudumu?

Pima siku 90 baadaye, kwa sababu mtu aliyesogezwa anaweza kugundua mwezi wa pili kwamba ana duka moja tu na analipia matano. Kosa la kawaida hapa ni kulinganisha wanaoacha miongoni mwa wanunuzi wa Kamili wa A na wa B. Hao si watu wa aina moja. Wa A walikitaka Kamili wenyewe, wa B wamechanganyika na waliosukumwa. Linganisha makundi mazima: fedha yote iliyoingia ndani ya siku 90, ikitolewa marejesho, ikigawanywa kwa watazamaji wote 12,600 wa kila upande. Ile tofauti ya sh 188 kwa mtazamaji ikiyeyuka kufikia mwezi wa tatu, ulichovuna ni simu nyingi za malalamiko.

## Kisheria na kiungwana, inaruhusiwa?

Kuuza kifurushi kisicho na mvuto si kosa. Kudanganya ni kosa. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na zote zinakataza kumpotosha mnunuzi. Kwa hiyo Kati lazima awepo kweli. Akibonyezwa, akaunti ifunguke yenye maduka mawili na watumiaji watatu kama ilivyoandikwa. Nimeona ukurasa ambao kubonyeza kifurushi cha kati kulileta ujumbe kwamba "hakipatikani kwa sasa" kila siku ya mwaka, na huo ulikuwa uongo ulioandikwa kwa bei.

Mwenyewe naongeza kipimo kimoja. Chukua wale wa ziada 68, kwa makadirio, na uangalie matumizi ya kundi la Kamili la B: wangapi wamefungua duka la pili ndani ya miezi mitatu? Kama wengi wamefungua, jedwali limewasaidia kufika walikokuwa wakienda. Kama karibu wote bado wana duka moja, ningewaandikia kwamba wanaweza kurudi Msingi bila gharama, na ningemtoa Kati kwenye jedwali wiki hiyohiyo.